Mashine Inapotapatapa: Prosesa Haina Kazi na Bado Hakuna Kinachosonga

*Nina duka la kuchapa na kujalidi tasnifu hapa Wandegeya, Kampala. Mashine yangu inatumia Ubuntu, ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Msimu wa wanafunzi kukabidhi tasnifu, nikiwa na Firefox, LibreOffice na GIMP kwa pamoja, ghafla inaganda: taa ya diski haizimi, kishale cha kipanya kinaruka, lakini prosesa inaonyesha asilimia 6 tu. Fundi alinishauri nizime swapu, ile sehemu ya diski inayohifadhi kilichokosa nafasi kwenye kumbukumbu. Nilizima, na hali ikawa mbaya zaidi. Inawezekanaje mashine ikwame huku prosesa haina kazi, na mfumo wenyewe hauwezi kuligundua hilo ukajiokoa?*

Hiyo asilimia 6 ndiyo ushahidi wenyewe. Prosesa yako haikukosa kazi. Imekosa programu iliyo tayari kuendelea, kwa sababu kila moja imesimama ikingoja diski. Hali hiyo tuiite kutapatapa: mashine inahangaika kuingiza na kutoa vipande vya kumbukumbu kiasi kwamba haibaki na nafasi ya kufanya kazi iliyokusudiwa.

Mfumo endeshi huigawa kumbukumbu ya kila programu katika kurasa, na kwenye mashine ya aina yako ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Si lazima kurasa zote za programu ziwe ndani ya kumbukumbu kuu kwa wakati mmoja. Programu ikigusa ukurasa ambao haumo, prosesa inaisimamisha na kuukabidhi mfumo endeshi usukani; mfumo unatafuta nafasi, na ikiwa hakuna, unauondoa ukurasa mwingine (ukiwa umebadilishwa tangu uingie, sharti kwanza uandikwe diskini), kisha unausoma ule unaotakiwa na kuiruhusu programu iendelee kana kwamba hakuna lililotokea. Tukio hilo nitaliita kukosa ukurasa. Likitokea mara moja moja, hutalihisi hata kidogo.

Tatizo ni tofauti ya bei. Kugusa kumbukumbu kuu kunachukua takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka inahitaji takriban milisekunde 10 kusogeza kichwa chake hadi mahali penye ukurasa na kuusoma, yaani mara 100,000 zaidi. Kwa hiyo programu ikikosa ukurasa mara moja tu katika kila miguso 100,000, wastani wa mguso unapanda kutoka nanosekunde 100 hadi 200, na kasi imekwisha kupungua kwa nusu. Ikikosa mara moja katika kila miguso 1,000, inatambaa mara mia moja polepole zaidi. Asilimia 6 yako inatoka humo humo: tukirahisisha kwa kufikiria prosesa yenye kiini kimoja, programu inafanya kazi kwa milisekunde 0.64, inakosa ukurasa, inangoja milisekunde 10, inafanya tena 0.64, na kuendelea hivyo hivyo. Gawanya 0.64 kwa 10.64, utapata 6 katika mia.

Sasa tuitazame mashine yako yenyewe, kwa makadirio ya kawaida ya programu ulizozitaja. Sehemu ya kumbukumbu inachukuliwa na picha zinazoonyeshwa kwenye kioo cha mashine, hivyo tuseme zinabaki megabaiti 3,700. Mfumo na mandhari ya kioo vinatumia kwa bidii megabaiti 800, Firefox 1,300, LibreOffice yenye tasnifu iliyojaa picha 450, na GIMP yenye ukurasa uliopigwa skani 1,000. Jumla ni 3,550, na mashine inakwenda vizuri. Halafu mwanafunzi anakuomba ufungue barua pepe yake apakue sura ya mwisho, na ukurasa huo wa wavuti unaongeza megabaiti 350. Jumla inafika 3,900. Umepungukiwa na megabaiti 200, karibu asilimia 5 tu ya yote, na ungetarajia mashine ipoteze asilimia 5 ya kasi yake. Haiendi hivyo, inaanguka kama mtu aliyekanyaga ukingo wa shimo.

Kwa nini inaanguka badala ya kupungua taratibu? Chukua mfano mdogo wa meza yenye nafasi nne na mafaili matano yanayohitajika kwa mzunguko: 1, 2, 3, 4, 5, kisha tena 1, 2, 3, 4, 5. Kanuni ya kawaida ya mifumo endeshi ni kuondoa kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vingine. Ukifika kwenye faili la 5, meza imejaa, unaondoa la 1. Linalofuata kutakiwa ni la 1. Unalirudisha na kuondoa la 2. Linalofuata ni la 2. Kila unachokiondoa ndicho kinachotakiwa mara tu baadaye, na kwa hiyo umepungukiwa na nafasi moja lakini unakosa mara tano katika tano. Programu za kweli hazizunguki kwa utaratibu mkali kiasi hicho, ila prosesa inapopokezana kati ya Firefox, LibreOffice na GIMP, na kila moja inapopata zamu inakuta wenzake wameziondoa kurasa zake, mwenendo unafanana sana na wa mafaili yale. Diski inayosoma mara 100 kwa sekunde katika sehemu zilizotawanyika itachukua zaidi ya dakika 8 kurudisha megabaiti 200, maana hizo ni kurasa 51,200, na zinapoingia zinafukuza nyingine ambazo nazo zitadaiwa. Kwa kweli Linux, mfumo ulio ndani ya Ubuntu yako, hujaribu kusoma kurasa jirani kadhaa kwa mkupuo mmoja ili kupunguza safari, lakini jirani asiyehitajika anakuwa mzigo mwingine ndani ya kumbukumbu iliyojaa.

Jambo hili liliwasumbua watu kabla ya mimi na wewe kuijua kompyuta. Katika mifumo ya miaka ya 1960 mpangaji wa kazi, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayoamua kazi ipi iingie, aliangalia matumizi ya prosesa, akiona iko chini anaruhusu kazi nyingine iingie. Mashine ikianza kutapatapa matumizi ya prosesa yanashuka, mpangaji anadhani kuna nafasi, anaongeza kazi, kurasa zinazidi kugombaniwa, na prosesa inashuka tena. Usidhani ni mashine tu zinazofanya kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita, katika maabara niliyokuwa nikisaidia kuisimamia, tulikuwa tukichakata matokeo usiku, na kila tulipoona prosesa iko chini ya asilimia 10 tulianzisha nakala nyingine ya programu ili kazi iishe mapema. Asubuhi tulikuta hata ya kwanza haijafika nusu.

Mwaka 1968 Peter Denning alieleza chanzo cha hali hiyo na kupendekeza kipimo cha kuizuia, ambacho tutakiita seti ya kazi. Wazo lake lilitokana na tabia inayoonekana katika karibu kila programu: kwa kipindi fulani inagusa kurasa chache zilezile, kisha inahamia kwenye kundi jingine. Kwa hiyo huhitaji kujua ukubwa wote wa programu. Tazama nyuma kwa dirisha la muda ulilolichagua, hesabu kurasa tofauti zilizoguswa ndani yake, na hizo ndizo seti ya kazi kwa wakati huo.

Tuone kwa karibu. Programu inagusa kurasa kwa mpangilio huu, na dirisha letu ni miguso 8:

```
3 3 8 3 8 4 8 3   9 9 1 9 1 1 9 9
```

Baada ya mguso wa nane, dirisha lina kurasa 3, 4 na 8. Seti ya kazi ni kurasa tatu. Baada ya mguso wa kumi na sita, lina 1 na 9 tu. Seti ni kurasa mbili. Lakini simama katikati, baada ya mguso wa kumi na mbili. Dirisha linashika miguso minne ya mwisho ya kipindi cha kwanza na minne ya kwanza ya kipindi cha pili, na seti inakuwa 1, 3, 4, 8 na 9, kurasa tano. Programu haikuhitaji tano wakati wowote. Ni kipimo kilichovimba kwa sababu inahama. Humo ndimo ugumu wa kuchagua dirisha ulipo: likiwa fupi mno halitashika kundi zima na programu itanyimwa kurasa inazozihitaji, likiwa refu mno litabeba masalia ya kazi iliyokwisha.

Kanuni inayotokana na kipimo hicho ni nyepesi kuitamka. Jumlisha seti za kazi za programu zote zilizo mbioni. Jumla ikizidi kumbukumbu iliyopo, usimnyang'anye kila mmoja kidogo kidogo, maana hapo ndipo wote wanapokwama. Chagua programu moja, isimamishe kabisa, toa kurasa zake zote, na uwaache waliobaki wafanye kazi kwa kasi yao. Ikipatikana nafasi, irudishe ile iliyosimamishwa pamoja na seti yake. Wengine baadaye walipendekeza njia nyepesi zaidi ya kufuata nia hiyohiyo: badala ya kuhesabu kurasa, pima ni mara ngapi kwa sekunde programu inakosa ukurasa. Ikivuka kikomo cha juu iongezewe nafasi, ikishuka chini ya kikomo cha chini inyang'anywe, na kama anayehitaji nyongeza yupo lakini nafasi haipo, mmoja asimamishwe.

Je, Ubuntu yako inafanya hayo? Nusu tu. Kugundua inagundua vizuri, kusimamisha haisimamishi.

Kwanza nikuonyeshe unavyoweza kugundua mwenyewe. Wengi huangalia kiasi cha swapu kilichojaa na kushtuka, lakini namba hiyo haisemi kitu: programu uliyoifungua asubuhi na kuiacha inaweza kuwa na megabaiti 900 kwenye swapu, zimelala humo salama na hakuna anayezihitaji. Kinachosema ni msongamano wa kuingia na kutoka. Andika `vmstat 1` kwenye dirisha la amri, na mashine inayotapatapa itakupa mstari unaofanana na huu, ambao nimeutunga kwa mfano:

```
 r  b    swpd  free buff  cache  si  so  bi  bo  in   cs us sy id wa st
 0  5 1218560 86340 1204 142880 412 388 760 396 910 1480  4  2  0 94  0
```

Safu za `si` na `so` ni kilobaiti zinazoingia kutoka swapu na zinazotoka kwenda swapu kila sekunde. Moja peke yake si kosa: `so` ikipanda kwa muda mfupi, mfumo unasafisha vitu vilivyolala, `si` ikipanda umefungua tena dirisha la zamani. Zote mbili zikikaa juu pamoja, mstari baada ya mstari, ndipo pana tatizo, kwa sababu mfumo unatoa na kurudisha kwa wakati mmoja. Jumlisha `us` na `sy` upate asilimia 6 yako. Ile 94 chini ya `wa` ni muda ambao prosesa haikuwa na la kufanya huku kukiwa na maombi ya diski yanayongojewa, na 5 chini ya `b` ni idadi ya michakato, yaani programu zilizo mbioni, iliyozuiliwa katika foleni hiyo.

Mfumo wenyewe unakwenda mbali zaidi ya hapo. Prosesa huweka alama kwenye kila ukurasa ulioguswa, na Linux hupitia alama hizo mara kwa mara, inazifuta, na kuona zipi zimerudi. Kwa namna hiyo inatenganisha kurasa zinazotumika na zilizolala bila kurekodi kila mguso, jambo ambalo lingekuwa ghali mno. Tangu mwaka 2014 pia inaacha rekodi ndogo mahali pa kila ukurasa wa faili unaoondolewa, na baadaye utaratibu huo ukapanuliwa hadi kurasa za swapu. Rekodi hiyo inasema kaunta inayohesabu kurasa zinazoondolewa ilikuwa imefika namba ngapi ukurasa huo ulipoondolewa. Ukurasa huo ukirudi kutakiwa, mfumo unatoa hesabu: tangu uondoke, zimeondolewa kurasa nyingine ngapi? Kama idadi ni ndogo kiasi kwamba ukurasa ungeokolewa iwapo kurasa zinazolindwa sasa zingebanwa kidogo, basi haukuwa umelala. Ulikuwa sehemu ya seti ya kazi na uliondolewa kimakosa. Kaunta za marejeo utaziona kwa `grep workingset /proc/vmstat`. Zinazopanda kwa kasi ni zile za `workingset_refault`. Binafsi naona huu ndio ufumbuzi mwerevu kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu haupimi ukubwa wa seti moja kwa moja, unapima majuto ya kuifukuza.

Toleo la 4.20 la kiini cha Linux, lililotoka mwishoni mwa 2018, liliongeza kipimo cha muda unaopotea. Soma faili hili, ambalo hapa lina namba za mfano:

```
$ cat /proc/pressure/memory
some avg10=71.20 avg60=58.43 avg300=22.10 total=84112907
full avg10=63.05 avg60=49.87 avg300=18.31 total=70335218
```

Mstari wa `some` unasema kwamba katika sekunde 10 zilizopita, kwa asilimia 71 ya muda kulikuwa na angalau mchakato mmoja uliokwama kwa kukosa kumbukumbu. Mstari wa `full` ni mkali zaidi: kwa asilimia 63 ya muda, michakato yote iliyokuwa na kazi ilikwama pamoja. Mashine yenye afya husoma sifuri au karibu yake kwenye mistari yote miwili, na `full` ikikaa juu ya 20 au 30 kwa nusu dakika, kwa uzoefu wangu mtumiaji amekwisha anza kulalamika.

Sasa tuone kwa nini ushauri wa fundi wako ulikugeuka. Kuzima swapu kunaziba mlango mmoja tu. Data ya programu haiwezi tena kutolewa, hivyo inabaki ndani yote, hata ile iliyolala tangu asubuhi. Lakini msimbo wa programu zenyewe unasomwa kutoka kwenye mafaili yaliyoko diskini, na kurasa za aina hiyo mfumo unaweza kuzitupa wakati wowote bila swapu, maana nakala ipo. Ukizima swapu, ndizo pekee zilizobaki za kutupwa: Firefox inatupiwa msimbo wake, inausoma, unatupwa tena. Katika `vmstat` utaona `si` na `so` ni sifuri kabisa na `bi` imepanda, na taa ya diski inawaka kama kawaida. Irudishe swapu.

Tuje kwenye kupunguza. Linux haisimamishi programu yenyewe kama kanuni ya mwaka 1968 inavyotaka, na kuna sababu: mashine za zamani zilikuwa na kazi za usiku ambazo hakuna aliyekaa mbele yake, ilhali wewe unayetazama dirisha la LibreOffice hutapenda ligandishwe bila kuulizwa. Badala yake Ubuntu za miaka ya karibuni zina huduma ya `systemd-oomd`, inayosoma kipimo cha hapo juu, na shinikizo likizidi kikomo kwa sekunde kadhaa inaliua kundi zima la michakato. Mashine inaokoka, lakini tasnifu ambayo haikuhifadhiwa inakwenda na maji.

Kusimamisha kwa mkono ni bora, na unaweza. Weka dirisha la amri wazi tangu asubuhi (kulifungua mashine ikiwa tayari imekwama ni adhabu), na tatizo likianza andika:

```
pkill -STOP gimp
```

GIMP haifungwi wala haipotezi picha. Inaacha tu kupewa zamu. Kwa kuwa haigusi tena kurasa zake, baada ya muda mfupi zinaonekana zimelala, zinatoka mara moja tu kwenda swapu na hazirudi. Jumla ya seti za kazi inashuka kutoka megabaiti 3,900 hadi 2,900. Dakika moja au mbili za kwanza taa itaendelea kuwaka huku Firefox na LibreOffice zikikusanya kurasa zao, kisha utaona `si` ikishuka. Chapisha tasnifu, funga ukurasa wa barua pepe, halafu andika `pkill -CONT gimp`. Dirisha la GIMP halitaitikia wakati limesimamishwa, kwa hiyo usilibofye ukidhani limeharibika. Kwa Firefox kuna njia nyepesi zaidi: fungua `about:unloads`, na kitufe cha humo kitaondoa kwenye kumbukumbu vichupo ambavyo hujavitembelea kwa muda mrefu.

Ukipenda kujikinga mapema, unaweza kuianzisha GIMP kwa kikomo chake:

```
systemd-run --user --scope -p MemoryHigh=900M gimp
```

Ikivuka hapo, inabanwa yenyewe na kurasa za wenzake zinabaki salama. Ila diski ni moja, na GIMP ikitapatapa peke yake bado itaijaza foleni ambayo LibreOffice inaihitaji ili kuhifadhi faili.

Kuhusu matumizi ya fedha, gigabaiti 4 za ziada za kumbukumbu zinakuondoa kabisa kwenye ukingo, kwa sababu seti zako zote zitaenea. Diski ya SSD inapunguza ngoja ya milisekunde 10 hadi karibu milisekunde 0.1, seti bado hazitaenea, ila kila kukosa ukurasa kunakuwa rahisi mara mia, na mashine itazubaa pale ambapo leo inaganda. Kabla ya kununua chochote, jaribu `zram`, ambayo hutenga sehemu ya kumbukumbu kama swapu iliyobanwa, mara nyingi kwa uwiano wa mbili kwa moja au zaidi. Upungufu wako ni megabaiti 200 tu. Data ya LibreOffice na ya Firefox hubanika vizuri, picha ya skani yenye chembechembe haibaniki sana, na kwa upungufu wa kiasi hicho huenda `zram` peke yake ikakuvusha msimu huu. Iweke, uiache `vmstat 1` ikikimbia siku yenye wateja wengi, na utazame safu ya `wa`, kwa sababu `si` na `so` zitaendelea kuonyesha namba hata pale kurasa zinapohama ndani ya kumbukumbu bila kuigusa diski.